Kebo ya MIDI ya pini tano: namna ya kuiunda mwenyewe, kuipima, na kwa nini pini mbili hubaki tupu

Kebo za MIDI hupeleka ujumbe wa noti kutoka chombo kimoja cha muziki hadi kingine, na nyingi zinazoletwa mezani kwangu kama "mbovu" huwa hazijakatika popote. Zimelehemiwa vizuri na plagi zake zimefungwa kwa uangalifu, ila aliyeziunda aliona pini tano akadhani zote zina kazi, au alijua zinazotumika ni tatu lakini akakosea ni zipi. Kosa hilo hilo hurudi kila mara, na kwa kuwa kebo ikikosewa haitoi moshi wala cheche, mtu anaweza kupoteza siku nzima akibadilisha mipangilio ya kinanda kisicho na tatizo lolote.

Mwongozo huu ni wa kuunda kebo moja ya mita 3, kutoka kinanda kwenda sinthesaiza, yaani chombo kinachozalisha sauti. Ukiweza hiyo utaweza kutengeneza yoyote, na hata ile ya dukani ikianza kusumbua utajua pa kuanzia.

## Vifaa vya kuandaa

- Plagi 2 za DIN za pini tano, za kiume, zile ambazo pini zake zimepangwa katika nusu duara. Kuna plagi nyingine za pini tano ambazo upinde wa pini umepita nusu duara. Hizo haziingii kwenye soketi ya MIDI hata ukilazimisha.
- Soketi 1 ya kike ya aina hiyo hiyo. Itafanya kazi mbili: kwanza ya kushikilia plagi, kisha ya kupimia.
- Kebo ya mita 3 yenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na wavu wa shaba unaozizunguka. Kebo ya maikrofoni inafaa kabisa.
- Pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, na lehemu ya unene wa milimita 0.8 hivi.
- Maltimita yenye mlio wa kupima mwendelezo.
- Taa ndogo 1 ya LED, nyekundu, na rezista 1 ya omu 220.
- Mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto, kisu, na koleo dogo.

Kuhusu urefu, kiwango cha MIDI kinaruhusu hadi mita 15. Kadiri kebo inavyorefuka ndivyo kingo za mapigo ya umeme zinavyolegea, na kifaa cha upande wa pili kinaanza kusoma vibaya. Mimi mwenyewe sipendi kuvuka mita 6 pasipo sababu.

## Pini ipi inafanya nini

Tafadhali usiruke sehemu hii ili ukimbilie pasi, kwa sababu makosa yote nitakayoyataja baadaye yanaanzia hapa.

Itazame plagi. Pini hazikuhesabiwa kwa mfuatano wa kukaa kwake. Ukifuata upinde kutoka mwisho mmoja hadi mwingine utakutana na 1, 4, 2, 5, 3. Ya katikati kabisa ni namba 2. Zinazoikumbatia kwa pande zote mbili ni 4 na 5. Za pembeni kabisa ni 1 na 3.

Ishara ya MIDI inapita kwenye 4 na 5 peke yake. Ndani ya kinanda, kwenye tundu la MIDI OUT, pini ya 4 imeunganishwa na umeme wa voliti 5 kupitia rezista ya omu 220. Pini ya 5 imeunganishwa, kupitia rezista nyingine ya omu 220, na saketi inayotuma ujumbe. Saketi hiyo ni kama swichi: ikiunganisha njia ya kwenda ardhini, mkondo unatoka pini ya 4, unapita kwenye kebo hadi sinthesaiza, na kurudi kwa pini ya 5. Ikiitenganisha, mkondo unakatika.

Upande wa sinthesaiza, kwenye MIDI IN, mkondo unapita kwenye rezista ya tatu ya omu 220 na kuingia kwenye optokapla. Hicho ni kipande kidogo chenye taa ndani yake, na mbele ya taa kuna jicho linaloihisi. Mkondo ukipita taa inawaka, ukikatika inazima. Sinthesaiza husoma mwanga huo tu, na umeme wa kinanda haugusani popote na umeme wake wa ndani. Mkondo wenyewe ni mdogo, miliampea 5 hivi.

Kwa hiyo zinahitajika nyaya mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mzunguko mmoja, ishara moja, mwelekeo mmoja. Ndiyo maana pini zinazobeba ishara ni mbili, na ndiyo maana kinanda na sinthesaiza vikitaka kuzungumza pande zote mbili unahitaji kebo ya pili.

Namba 2 inabeba wavu, yaani kinga dhidi ya kelele za umeme. Hapa pana jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Kwenye MIDI OUT pini ya 2 imeunganishwa na ardhi ya chombo. Kwenye MIDI IN haijaunganishwa na saketi. Imeachwa hivyo makusudi. Ardhi za vyombo viwili zikiunganishwa kupitia kebo ya MIDI, na vyombo hivyo hivyo tayari vimeunganishwa kupitia kebo za sauti na mikondo ya ukutani, panatokea mzunguko wa ardhi, na spika zinaanza kunguruma. Kazi yote ya optokapla ingepotea bure.

Lakini chombo ndicho kinachoamua hivyo. Kebo yenyewe haijui upande upi utachomekwa OUT na upi IN, hivyo wavu unalehemiwa kwenye pini ya 2 pande zote mbili. Nimeona watu wanaoukata wavu upande mmoja kwa kudhani wanazuia mngurumo, kama inavyofanywa kwenye baadhi ya kebo za sauti. Siku ambayo upande uliokatwa utachomekwa kwenye OUT, wavu mzima utakuwa unaning'inia bila kushikwa na ardhi popote.

Na 1 na 3? Hazina kazi katika MIDI. Plagi ilichaguliwa ikiwa tayari na pini tano, kazi ikahitaji tatu, mbili zikabaki. Ziache tupu.

## Hatua ya 1: Vaa makava kabla ya kitu kingine

Kata kebo mita 3. Kisha chukua makava ya plagi zote mbili na uyapitishe kwenye kebo sasa hivi, kila moja likielekezwa upande wake. Plagi nyingi haziwezi kufungwa kama kava halikutangulia, na hakuna kinachokera kama kumaliza kulehemu pini tatu safi halafu kuliona kava limekaa mezani. Kila fundi amewahi kufanya hivyo. Wachache ndio hukiri.

Umefanikiwa ukiona makava mawili kwenye kebo, yameangaliana migongo.

## Hatua ya 2: Andaa ncha za kebo

Chuna ganda la nje milimita 20 hivi. Zungushia kisu kwa wepesi bila kukandamiza hadi chini, kwa sababu wavu uko chini tu ya ganda na nyuzi zake hukatika kirahisi. Usokote wavu uwe uzi mmoja. Kebo yako ikiwa na karatasi ya alumini badala ya wavu, itakuwa na waya mmoja wa wazi unaokwenda pamoja nayo. Kata karatasi, ubakize huo waya.

Chuna kila waya wa ndani milimita 3 au 4 tu. Mtu akichuna milimita 10, shaba iliyo wazi itaegemea pini jirani siku plagi itakapokunjwa. Uvishe uzi wa wavu mpira wa kusinyaa, ubakize milimita 4 za mwisho. Kisha pasha ncha zote tatu na uzipake lehemu nyepesi.

Amua rangi sasa na uandike kwenye karatasi. Tuseme waya mwekundu ni wa 4 na mweupe ni wa 5. Rangi yoyote itafaa, mradi usibadilishe ukifika upande wa pili.

## Hatua ya 3: Chomeka plagi kwenye soketi, ndipo ulehemu

Plastiki inayoshika pini huyeyuka upesi. Pini ikipata joto na ikasogea nusu milimita, plagi haitaingia tena sawasawa. Dawa yake ni kuchomeka plagi kwenye ile soketi ya kike kabla ya kulehemu: soketi inazishika pini zisihame na pia inapunguza joto.

Jaza lehemu kidogo kwenye kikombe cha nyuma cha pini ya 2, ya 4 na ya 5. Sekunde mbili au tatu kwa kila pini zinatosha. Ikikataa kushika, ondoa pasi, subiri ipoe, safisha ncha, rudia. Kung'ang'ania kwa sekunde kumi ndiko kunakoharibu plagi.

## Hatua ya 4: Lehemu waya tatu

Anza na wavu kwenye pini ya 2, kwa kuwa ndio mnene na unahitaji joto zaidi. Ni vizuri umalize nao kabla nyaya nyembamba hazijawa jirani. Halafu mwekundu kwenye 4, mweupe kwenye 5.

Usiufunge wavu kwenye mwili wa chuma wa plagi. Jambo hili linavutia kwa sababu mwili huo unaonekana kama sehemu halali ya kinga, na baadhi ya plagi zina kijiulimi kinachokaribisha waya. Lakini kwenye vyombo vingine mwili wa soketi unagusana na bodi ya chuma. Ukiufunga hapo umepitisha ardhi mlango wa nyuma, na mngurumo ule ambao pini ya 2 ya MIDI IN iliachwa wazi ili kuuzuia utaingia.

Kiungo kizuri kinang'aa na kimeukumbatia waya. Kikiwa na rangi ya kijivu isiyong'aa au kikionekana kama tone lililokaa juu ya pini bila kuishika, kipashe tena. Vuta kila waya kwa koleo, polepole. Bora utoke sasa.

## Hatua ya 5: Upande wa pili, na mtego wa kioo

Hapa ndipo kebo nyingi hufia.

Plagi ukiitazama upande wa pini, namba zinakwenda mwelekeo mmoja. Ukiigeuza utazame upande wa kulehemu, zinakwenda mwelekeo mwingine, kama maandishi kwenye kioo. Mtu analehemu upande wa kwanza akifuata mchoro unaoonyesha uso wa plagi, kisha upande wa pili anafuata namba zilizochorwa kwenye plastiki. Matokeo yake 4 ya huku inakwenda 5 ya kule. Kebo yangu ya kwanza kabisa ilikuwa hivyo, nami nilimlaumu aliyeniuzia kinanda.

Cha kuchekesha ni kwamba ukikosea pande zote mbili kwa namna ile ile, kebo inafanya kazi bila tatizo. Mwekundu utakuwa umekaa 5 huku na 5 kule, mweupe 4 huku na 4 kule. Kinachotakiwa ni kwamba nafasi moja ya huku iende kwenye nafasi ile ile ya kule.

Kwa hiyo hata plagi isiyo na namba haikuzuii. Shika plagi zote mbili upande wa kulehemu ukiwa unakutazama, vijishimo vya mwongozo vya ukingo wa chuma vikielekea upande mmoja. Pini ya katikati ni ya wavu. Waya mwekundu uende pini iliyo upande wa kulia wa katikati kwenye plagi zote mbili, mweupe kushoto kwenye zote mbili. Usitazame tena mchoro wowote.

## Hatua ya 6: Pima kwa mlio kabla ya kufunga makava

Weka maltimita kwenye mlio. Gusa pini ya upande mmoja na pini ya upande wa pili:

- 2 kwa 2, 4 kwa 4, 5 kwa 5: lazima ilie.
- 4 kwa 5, 4 kwa 2, 5 kwa 2: lazima iwe kimya.
- Pini yoyote kwa mwili wa chuma wa plagi: kimya.
- 1 na 3 kwa kitu chochote: kimya.

Mstari wa pili ndio unaorukwa na wengi. Wanahakikisha kila waya umefika, wanasahau kuhakikisha kwamba haujagusa jirani. Ukiwa unapima, ikunje kebo karibu na kila plagi. Mlio ukikatikakatika, kiungo hakijashika, hata kama kwa macho kinapendeza.

Ukiridhika, banisha kishikio cha kebo juu ya ganda la nje, usikibanishe juu ya nyaya za ndani, kisha funga makava. Halafu pima tena. Kava la chuma likikandamiza kiungo kirefu, mguso unaanza wakati huo huo.

## Hatua ya 7: Mfanye LED awe shahidi

Mlio unathibitisha shaba, lakini hauonyeshi kwamba kinanda kinatuma kitu. Kwa hilo tutatumia soketi ile ile ya kike.

Lehemu rezista ya omu 220 kwenye pini ya 4 ya soketi. Ncha ya pili ya rezista iunganishe na mguu mrefu wa LED. Mguu mfupi wa LED uende pini ya 5. Sasa una kifaa kinachofanana na mlango wa MIDI IN: rezista na taa, kama ndani ya sinthesaiza, ila taa hii unaiona.

Hiyo rezista usiiache. Kwenye kinanda cha voliti 5 zitakuwa rezista tatu za omu 220 mfululizo, jumla omu 660. LED nyekundu hujichukulia voliti 1.8 hivi, zinabaki 3.2, na 3.2 ukigawa kwa 660 unapata miliampea 4.8. Hiyo ndiyo ile 5 tuliyoitaja mwanzo. Vyombo vipya vinavyotumia voliti 3.3 vina rezista ndogo zaidi ndani, na bila ile yako LED itapewa mkondo mwingi kupita kiasi.

Chomeka upande mmoja wa kebo kwenye MIDI OUT ya kinanda, upande wa pili kwenye soketi yenye LED. Washa kinanda, bonyeza noti.

Huenda usione kitu mara ya kwanza, na kebo isiwe na kosa. Noti moja ni ujumbe mfupi mno. Ukibonyeza C ya katikati kwenye chaneli ya 1, kinanda kinatuma baiti tatu, ambazo hapa zimeandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16:

```
90 3C 64
```

Ya kwanza inasema "noti imebonyezwa, chaneli ya 1". Ya pili ni noti yenyewe, namba 60. Ya tatu ni nguvu ya kidole, hapa 100. MIDI hutuma biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti inasafiri na biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, jumla biti 10. Baiti tatu ni biti 30, kila biti mikrosekunde 32, kwa hiyo ujumbe wote unakwisha chini kidogo ya milisekunde 1. Mkondo hupita wakati biti ni 0 na hukatika wakati ni 1. Katika ujumbe huu biti 18 kati ya 30 ni sifuri. LED inawaka kwa muda unaopungua milisekunde 1, halafu giza.

Kwa hiyo ifunike LED kwa kiganja, na badala ya noti zungusha gurudumu la kupinda sauti mfululizo. Gurudumu linamwaga ujumbe mwingi sana, na LED itapepesa waziwazi.

Sasa soma unachokiona:

Inapepesa ukicheza. Kinanda kinatuma na kebo inafikisha. Ikiwa sinthesaiza bado iko kimya, kebo haina kosa. Angalia kama vyombo viko kwenye chaneli moja kati ya chaneli 16 za MIDI.

Inapepesa yenyewe hata usipogusa kitu. Kawaida. Vinanda vingine hutuma mapigo ya saa, au baiti ya `FE` kila baada ya muda mfupi kuonyesha kuwa viko hai.

Inawaka moja kwa moja bila kuzima. Pini ya 5 imegusana na wavu. Mkondo umepata njia ya kudumu kwenda ardhini, na swichi ya kinanda haina la kufanya. Fungua plagi, tafuta uzi wa wavu uliochomoza.

Haiwaki kabisa. Geuza miguu ya LED kwanza. Ikiwaka baada ya kuigeuza, na una hakika soketi ilikuwa sahihi, basi 4 na 5 zimebadilishana upande mmoja wa kebo. Isipowaka kwa namna yoyote, ama waya umekatika, ama 4 imegusana na 5 au na wavu.

Ukiwa na shaka na kinanda chenyewe, pima voliti kwenye MIDI OUT pasipo kucheza. Kati ya 4 na 2 utakuta karibu voliti 5, au 3.3 kwenye vyombo vya aina hiyo. Kati ya 5 na 2 utakuta hivyo hivyo. Kati ya 4 na 5 utakuta sifuri, na sifuri hiyo isikutishe: kinanda kikiwa kimya, pini zote mbili ziko juu sawa na hakuna mkondo. Chunga ncha za mita zisigusane ndani ya tundu, ingawa rezista za ndani zingezuia madhara.

## Kebo moja iliyonisumbua

Aliyeileta alikuwa ameiunda kutokana na kebo ya zamani ya redio kaseti. Plagi zilikuwa ni zile zile za pini tano, zinaingia vizuri, na zimetoka kiwandani hivyo. Hakuna noti iliyopita.

Nilipopima kwa mlio, 2 ilifika, 5 ilifika, 3 ilifika. 4 ilikuwa kimya. Katika plagi hizi zinapotumika kwa sauti ya stirio, kazi za pini ni tofauti kabisa: 1 na 4 ni za kurekodia, 3 na 5 ni za kusikiliza, 2 ni ardhi. Kebo hiyo ilikuwa ya kusikilizia tu. Ilikuwa na waya mbili na wavu, hesabu ile ile ya MIDI, lakini waya mmoja ulikaa 3 badala ya 4.

Nilifungua plagi zote mbili, nikahamisha waya kutoka 3 kwenda 4. LED ikapepesa. Siku iliyofuata ikarudi kwa malalamiko mapya: noti moja hulia bila kukoma.

Noti inayoganda ina maana moja: ujumbe wa kubonyeza ulifika, wa kuachia haukufika. Chombo hakijui kwamba kidole kimeondoka. Waya ukikatika moja kwa moja utapata kimya. Ukikatika kwa kupepesuka utapata noti zilizoganda. Nilizungusha gurudumu la kupinda sauti mfululizo huku nikiitikisa kebo karibu na kila plagi, na upande mmoja LED ikaanza kukatikakatika. Kiungo nilichokihamisha mwenyewe kilikuwa kimeshika juu juu. Shaba ya zamani ilikuwa na kutu na sikuikwangua kabla ya kuipaka lehemu.

Tangu hapo, kebo ya kuokoteza naichuna upya hadi nifikie shaba inayong'aa, hata kama ncha ya zamani inaonekana nzima.

## Hatua ya 8: Iweke kazini

MIDI OUT ya kinanda iende MIDI IN ya sinthesaiza. OUT kwa OUT haitaharibu chombo, ila hakuna atakayesikiliza. Ukiwa na chombo cha tatu, kichukulie kwenye MIDI THRU ya sinthesaiza, ambayo inarudia kila kilichoingia IN.

Kwa wanaounganisha kompyuta kupitia kigeuzi cha yuesibi chenye mikia miwili: kwenye vigeuzi vingi, mkia ulioandikwa `IN` unaingia MIDI OUT ya kinanda. Neno hilo limeandikwa kwa mtazamo wa kompyuta, yaani kinachoingia kwake.

Na kumbuka sauti haipiti humu. Sinthesaiza itahitaji kebo yake ya sauti kwenda kwenye spika.

## Pale ambapo 1 na 3 zina kazi

Kuna pedali za miguuni zinazotumia zile pini mbili tupu kupokea umeme wa kujiendesha, ili mwanamuziki asivute waya wa pili hadi sakafuni. Huo ni uamuzi wa mtengenezaji wa pedali na hauhusiani na ishara ya MIDI. Pedali ya namna hiyo inataka kebo yenye nyaya nne na wavu, pini zote tano zikiwa zimeunganishwa moja kwa moja, 1 kwa 1 na 3 kwa 3. Kebo uliyounda hapa inaweza kupitisha ishara lakini pedali haitawaka.

Kebo hiyo ya pini zote iwekee alama ya utepe wa rangi na uitumie kwa pedali hiyo tu. Ukiichomeka kwingine, umeme wa pini ya 1 na ya 3 utafika kwenye chombo ambacho hakikuutarajia.